Mteja kapinga malipo ya kadi: nijibu au niache pesa iende?

Mama_Vikapu: Wakuu, nisaidieni. Nimeuza vikapu vya ukindu kwa mteja wa Marekani, akalipa kwa Visa. Sasa benki inasema amepinga malipo. Nipeleke ushahidi au nikubali yaishe? Mzigo ulifika, na risiti ya msafirishaji ninayo.

Dijitali_Kkoo: Ya muhimu hujayasema. Sababu ya pingamizi ni namba ngapi? Kiasi gani? Mwisho wa kujibu lini?

Chapchap: Aliweka OTP? Kama aliweka, umeshinda.

Mama_Vikapu: OTP aliweka. Imeandikwa 13.1, dola 310. Mwisho Ijumaa.

Dijitali_Kkoo: Chapchap, OTP ingembeba kwenye 10.4, pale mwenye kadi anapodai si yeye aliyenunua. 13.1 ni madai kwamba mzigo haukufika, hapo OTP haisemi kitu. Mama, hiyo risiti inaonyesha uliukabidhi mzigo hapa Dar tu. Mwombe msafirishaji hati ya makabidhiano yenye tarehe, anwani kamili na jina la aliyesaini. Iambatanishe na oda yenye anwani ileile, na barua fupi ya maelezo mbele, yote PDF moja. Usingoje Ijumaa. Visa huipa benki yako siku 30 kujibu, na benki hujiwekea muda wake wa kukagua ndani ya hizo.

Mzee_Wakala: Mimi mteja alirudisha muamala wa M-Pesa, nikapiga huduma kwa wateja, wakaizuia siku hiyohiyo.

Dijitali_Kkoo: Mzee, hii ni kadi. Hakuna wa kumpigia, ni nyaraka tu.

Pwani_Kanga: Mimi ningekubali hasara. Niliuza kanga, mteja akaniandikia WhatsApp kwamba mzigo uende kwa dada yake, mji mwingine. Nikamwambia msafirishaji, akaupeleka, akaandika "umeachwa mlangoni". Hakuna sahihi, hakuna picha. Miezi miwili baadaye likaja pingamizi. Oda ina anwani moja, hati ya msafirishaji ina nyingine. Nilipeleka picha za mazungumzo, ila juu yake palikuwa na jina nililomhifadhia mimi kwenye simu, namba haionekani. Benki ikajibu kwamba hakuna kinachoonyesha aliyeandika ni mwenye kadi. Pesa ikaenda, na ada ya kesi wakanikata. Siku hizi anayetaka kubadili anwani namfutia oda, aagize upya.

Chapchap: Kumfutia mteja oda ni kumfukuza. Aandike kwa barua pepe ileile aliyoagizia, inatosha.

Pwani_Kanga: Inatosha kwako. Benki yangu haikunisikiliza.

Mama_Vikapu: Hati imekuja. Anwani ni ileile ya oda, ila aliyesaini ana jina jingine.

Dijitali_Kkoo: Jina la ukoo ni moja?

Mama_Vikapu: Hapana.

Dijitali_Kkoo: Visa wanakubali apokee mtu aliyeruhusiwa na mwenye kadi. Mwandikie mteja leo kwa barua pepe, umuulize huyo ni nani. Akijibu, jibu lake liingie kwenye PDF.

Chapchap: Na asipojibu?

Dijitali_Kkoo: Apeleke hivyohivyo, Jumatano.

Pwani_Kanga: Mimi nisingepeleka.