Mausi ya mkono wa kushoto: kwenye menyu vitufe vimegeuka, mechi ikianza vinarudi vya zamani

kiboriloni_gemu
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Kiboriloni, Moshi, mashine zote ni Windows 11. Kuna vijana wawili wateja wangu ni wa mkono wa kushoto. Wanataka mausi ikae kushoto, na vitufe vya kutembea vihamie upande wa kulia wa kibodi badala ya WASD.

Nimeingia Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Mouse, nikaweka Primary mouse button iwe Right. Nikiwa kwenye mafaili inakubali, na menyu ya gemu inakubali. Mechi ikianza tu, risasi inatoka kwenye kitufe kilekile cha zamani na kulenga kunabaki kwenye kile kingine. Kosa liko wapi? Na hao vijana niwapangie vitufe gani upande wa kulia?

dogo_sakina
Mkuu hiyo ni rahisi. Counter-Strike 2 ilishaongezewa mkono wa kushoto tangu Aprili 2024. Bonyeza H ukiwa ndani ya mechi, bunduki inahamia kushoto. Valorant nayo ina sehemu yake kwenye mipangilio.

kiboriloni_gemu
Asante mdogo wangu, ila hiyo inahamisha bunduki kwenye skrini. Shida yangu ni mikono ya mchezaji mwenyewe.

Mzee_wa_Kompyuta
Uliyoyafanya ni sahihi kabisa. Ukishageuza kwenye Windows, programu zote zinafuata. Zima mashine uwashe tena, gemu itasoma upya.

FundiNgarenaro
Mzee wangu, shikamoo. Kwa programu za ofisini ni kama ulivyosema. Kwa gemu za risasi, hata ukizima na kuwasha mara ngapi, hali ni ileile.

Mausi yenyewe haijui kushoto wala kulia kwa maana ya kazi. Inachotuma ni taarifa kwamba kitufe cha kwanza kimebonyezwa, au cha pili. Windows ndiyo inayogeuza maana, na inageuza pale inapoipelekea programu ujumbe wa kawaida wa mbofyo. Gemu nyingi za risasi hazingojei ujumbe huo. Zinasoma taarifa ghafi ya mausi ili mwendo usichelewe, kwa hiyo zinaona kitufe kama kilivyotengenezwa kiwandani. Menyu ya gemu hiyohiyo inaweza kuwa inatumia ujumbe wa kawaida, ndiyo maana kwenye menyu uliona mambo sawa. Ukiona menyu na mechi zinapingana namna hiyo, ugonjwa ni huo.

Njia ni mbili, na uchague moja tu.

Ya kwanza: acha Windows kwenye Right, kisha ndani ya gemu ingia kwenye orodha ya vitufe. Chagua kupiga risasi, ikikuomba kitufe bonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, yaani kitufe cha kulia cha mausi. Kulenga kipe kile kingine. Gemu itaandika ilichokiona yenyewe. Utarudia kwa kila gemu, lakini mausi yoyote ya bei nafuu inatosha.

Ya pili: kama mausi ina kumbukumbu yake ya ndani, geuza humohumo kwa programu ya mtengenezaji, mfano G HUB kwa zile za Logitech G. Anza kwa kukipa kitufe cha kulia kazi ya mbofyo wa kawaida, ndipo ubadilishe cha kushoto, usije ukabaki huna cha kubofyea. Hapo menyu, mechi na mafaili vyote vitaona kitu kimoja. Ila Windows lazima uirudishe Left. Ukigeuza kotekote, kwenye mafaili utakuwa umejirudisha ulikotoka huku gemu ikiwa imegeuka, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta kosa.

Kuangalia Windows iko upande gani, fungua Command Prompt uandike hivi:

```
reg query "HKCU\Control Panel\Mouse" /v SwapMouseButtons
```

Ikijibu 1 imegeuzwa, ikijibu 0 haijageuzwa. Mpangilio huo unafuata akaunti ya mtumiaji, haufuati mashine. Kwa kibanda chako ni faida: fungua akaunti ya pili kwa ajili ya hao vijana, ugeuze humo, na wateja wengine hawataguswa. Kumbukumbu ya mausi yenyewe inafuata mausi, kwa hiyo hiyo ibandike kipande cha tepu isichanganyike na nyingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kifaa chenyewe. Tafuta mausi iliyolingana pande zote mbili. Ile yenye tumbo la kuegemeza dole gumba la kulia haifai, kwani vile vitufe viwili vya pembeni vinaangukia chini ya kidole cha pete na kidole kidogo, na vinabonyezwa bila kukusudia kila mtu anapoikaza.

Neema_Kijenge
Samahani kuingilia, mimi sichezi gemu. Natumia Ubuntu ofisini Arusha na ni mtu wa kushoto. Nikigeuza mausi, padi ya kugusa ya laptop nayo inageuka. Naomba mausi tu ndiyo igeuke.

FundiNgarenaro
Dada Neema, kwenye GNOME padi imewekwa ifuate mausi. Itenganishe:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse left-handed true
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad left-handed 'right'
```

Mzee_wa_Kompyuta
Marahaba Fundi, nimekuelewa. Kwenye suala la kutembea, mimi ningewapa vitufe vya namba vya kulia. 8 mbele, 4 kushoto, 5 nyuma, 6 kulia. Vimepangwa vizuri na kuna vitufe vingine kuvizunguka.

shoto_wa_majengo
Mzee, mpangilio huo unakaa vizuri mkononi, ila una mtego. Num Lock ikiwa imewaka, ukishikilia Shift na kubonyeza 8, Windows inaiachia Shift kwa muda na kuifanya ile 8 kuwa mshale wa juu. Mchezaji anakimbia, akibonyeza mbele mbio zinakatika au anasimama. Ukizima Num Lock Shift inatulia, lakini 5 inakuwa kitufe kingine ambacho si kila gemu inakitambua. Anayetaka namba asitumie Shift kabisa. Mbio aziweke kwenye Enter ile ya namba au kwenye 0.

Mimi napendekeza P, L, nukta mkato na kile cha mkato wa juu ('). Kidole cha shahada kinalala kwenye L, cha kati kwenye ; na cha pete kwenye '. Cha kati kinapanda P kwenda mbele. Shift ya kulia iko karibu chini ya ', hivyo kidole kidogo kinaifikia kama mtu wa WASD anavyoifikia ya kushoto. Dole gumba linaangukia mwisho wa Space.

Wengi wanakosea hapa: wanageuza herufi kama kioo bila kufikiria uelekeo. Kwa kioo, A inaangukia kwenye ' na D kwenye L. Ukifuata hivyo tu, kidole cha kulia kitakupeleka kushoto. Vitufe vya jirani vigeuze kama kioo, lakini uelekeo uache kama ulivyo: L ni kushoto, ' ni kulia, P mbele, ; nyuma. Baada ya hapo kazi za E zipeleke O, za R zipeleke I, za Q zipeleke [, za F zipeleke K. Silaha za kwanza hadi ya tatu ziwe 9, 0 na -. Kuchuchumaa weka kwenye /, kwa sababu Ctrl ya kulia kwenye laptop nyingi iko mbali au haipo kabisa. Enter iache, gemu nyingi zinaitumia kwa gumzo.

Angalia pia umbo la kibodi. Kama Enter ni ndefu ya kushuka mistari miwili, kati yake na ' kuna kitufe cha ziada chenye #. Hicho unaweza kukitumia kwa bomu la mkono, kiko jirani.

kiboriloni_gemu
Nimejaribu mpangilio wa shoto_wa_majengo kwenye mashine mbili, risasi nimegeuza ndani ya gemu kama Fundi alivyosema. Mausi sasa iko sawa. Mambo mawili yamejitokeza. Kwenye kibodi moja, ukishikilia P, L na Shift ya kulia kisha ukabonyeza Space, haruki. Kwenye nyingine anaruka vizuri. La pili, kijana akitembea polepole ameshikilia Shift, linatokea dirisha la Filter Keys na gemu inashuka chini.

shoto_wa_majengo
La pili ni njia ya mkato ya Windows: Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8 inaita Filter Keys. Ya kushoto haifanyi hivyo, ndiyo maana wa WASD hawaijui. Ingia Settings, Accessibility, Keyboard, fungua Filter keys uzime njia yake ya mkato. Papo hapo zima na ya Sticky keys, hiyo inaitwa na Shift ikibonyezwa mara tano.

La kwanza ni nyaya za ndani ya kibodi. Kibodi za bei ya chini za mpira zinashirikisha vitufe njia chache za umeme, hivyo baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu au vinne haisomeki. Watengenezaji wakiboresha sehemu, huwa ni eneo la WASD. Hakuna programu ya kuponya hilo. Mwekee kijana ile kibodi inayoruka, au hamisha kuruka kwenye kitufe kingine, mfano M, ujaribu mchanganyiko uleule.

Mzee_wa_Kompyuta
Na IJKL je? Nimeona wengi wanaitumia.

shoto_wa_majengo
Inafaa kwa mwenye mkono mdogo, na herufi zinazoizunguka ni nyingi. Shift ya kulia ndiyo inakuwa mbali. Hapo sina ugomvi na mtu, kijana aijaribu mwenyewe.

kiboriloni_gemu
Kuna gemu moja ya zamani haina sehemu ya kubadilisha vitufe kabisa. Hiyo nifanyeje?

FundiNgarenaro
Kwa gemu ya kucheza peke yako, AutoHotkey toleo la 2 inatosha. Weka jina la faili la gemu yako mahali pa mchezo.exe:

```
#Requires AutoHotkey v2.0
#SuspendExempt
ScrollLock::Suspend
#SuspendExempt False
#HotIf WinActive("ahk_exe mchezo.exe")
p::w
l::a
SC027::s
SC028::d
```

SC027 ni ; na SC028 ni '. Nimetumia namba kwa sababu ; ikiandikwa peke yake humo inachukuliwa kama mwanzo wa maelezo. Scroll Lock inasimamisha ugeuzaji mtu akitaka kuandika jina lake, vinginevyo kila p atakayoandika itatoka w. Gemu za mtandaoni usiziguse kwa njia hii, zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu zinaweza kukataa kufunguka au kumfungia mteja akaunti.

Na hao vijana wakalishe kiti cha mwisho upande wa kushoto wa safu. Wakikaa katikati, kiwiko chao cha kushoto kinagongana na mkono wa mausi wa jirani.