Naomba ushauri: tovuti moja inakwama, nyingine zote ziko sawa

Habari za leo wakuu. Kuna tovuti ya masomo ya video ninayoitumia kila siku. Siku ya 4 sasa, ikifika saa 2 usiku kiduara kinazunguka mpaka nachoka. Nikailaumu ruta, nikaizima na kuiwasha mara 3, wapi!

Jana nikaamua kulinganisha. Video ikiwa imeganda, nilipiga simu ya video kwa waifai ileile: picha safi, sauti haikatiki. Nikapakua faili la MB 200 kutoka kwingine, likaisha chini ya dakika 1. Kisha kwenye kompyuta nikaandika:

```
ping -n 50 8.8.8.8
```

Majibu yote 50 yalirudi, kati ya milisekunde 18 na 25. Kwa hiyo ndani ya nyumba sioni tatizo.

Kinachonichanganya ni hiki: nilipozima waifai nikatumia data ya simu, ambayo ni ya kampuni nyingine, video ileile ikacheza bila kusita. Kama tovuti imezidiwa, mbona huku inakwenda?

Je, inawezekana njia kati ya mtoa huduma wangu wa nyumbani na seva za tovuti hiyo ndiyo inayojaa jioni? Na nikiwapigia, niwe na ushahidi gani ili wasiniambie tena nizime ruta? Nimeendesha `tracert` pia, ila zile nyota katikati ya mistari sijui kama ni hitilafu au ni kawaida.