Tupeane uzoefu: gemu ya kuunganisha vidoti, levo gani ilikutoa jasho?

Kimbaombao
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala nimemkuta dogo wa shule anacheza Flow Free, ile ya kuunganisha vidoti vya rangi moja bila njia kukatana na visanduku vyote vijae, nikakumbuka mateso yangu ya zamani. Naomba tupeane uzoefu, ni wapi ulikwama mpaka ukataka kurusha simu? Mimi ile hali ya kuunganisha rangi zote halafu kinabaki kisanduku kimoja katikati kitupu kinakukodolea macho, ile ndo ilikuwa inanimaliza.

Mtoto wa Ubungo
Hicho kisanduku kimoja jamani. Acha tu.

Bi Shangazi wa Raskazone
Mnateseka kwa sababu mnaanza na vidoti vilivyo karibu karibu, mnaviunganisha fasta kwa njia ya mkato mkidhani mmemaliza kazi. Mimi naanza na kona. Kisanduku cha kona kina majirani wawili tu, sasa kama hakina kidoti, njia inayokipita lazima iingie kwa jirani mmoja itokee kwa mwingine, hapo hakuna ubishi hata ukiwa usingizini. Ukimaliza kona unakuta ukutani nako kumeshabana, unaenda hivyo hivyo kuelekea katikati. Wajukuu wangu wananiita bingwa na simu yenyewe nilinunuliwa juzi.

Nganyaa254
Aunty ako sawa kuhusu kona. Ingine ya maana ni hii, njia haiwezi jigusa. Ukiona laini yako imezunguka ikajaza visanduku vinne vya mraba, mbili juu mbili chini, jua umekosea, futa. Hiyo ni sheria ya game.

Kimbaombao
Sheria imeandikwa wapi mkuu? Mimi nimewahi kujaza hivyo na ikakubali.

Nganyaa254
Basi ulikuwa unacheza game ingine bro.

Mzee Kijiko
Mimi hizi za namba napenda sana, huwa naanza na safu yenye namba nyingi halafu natafuta 1 mpaka 9 ipi haipo. Kwenye gazeti la Jumapili hazinipigi chenga.

Mtoto wa Ubungo
Mzee hiyo ni sudoku 😂

Fundi Redio Mwanjelwa
Mimi simo kwenye magemu ila hii kitu ndo kazi yangu. Ukichora saketi kwenye bodi ya upande mmoja, nyaya za shaba hazitakiwi kukatana hata kidogo, zikikatana ni shoti. Kuna siku nilichora bodi ya amplifaya, pini nne zimekaa pembeni mwa bodi, ukizifuata kwa mpangilio ni A, B, A, B. Nimezungusha njia usiku kucha hazipiti. Baadaye ndo nikaona kwamba ukishaunganisha A na A bodi imeshagawanyika vipande viwili na kila B iko kwake, sasa utapita wapi? Nikaweka jampa juu yake, mambo yakaisha. Nyie kwenye simu mnaweka wapi jampa?

Kimbaombao
Fundi ipo nyingine inaitwa Bridges, ina madaraja kabisa, njia moja inapita juu ya nyingine. Hiyo ndo jampa yako.

Kijiwe cha Bodaboda
Naombeni mnisikilize maana nyie mnaongelea simu, mimi hii gemu imenila hela.

Kijiweni kwetu kuna jamaa anauza vocha, mwezi uliopita akaja na kiboksi amechora visanduku tano kwa tano kwa makapeni, kaweka namba badala ya rangi. Masharti ni unaunganisha 1 na 1, 2 na 2, mpaka 4, hairuhusiwi kukatana, hairuhusiwi kwenda mshazari, na kisibaki kisanduku kitupu. Ukiweza anakupa elfu ishirini, kujaribu ni buku. Ilikuwa hivi, nimeinakili maana kiboksi ninacho mpaka leo:

```
. . . . .
1 2 . . .
. 3 . . .
. 4 . . .
. 3 4 2 1
```

Ukiiangalia ni ndogo mpaka unaona aibu kutoa buku. Nikaanza, 1 ya kushoto nikaipandisha kona, ikapita juu yote mpaka kona ya kulia, ikashuka ukutani mpaka kwa mwenzake chini. 2 nikaipeleka kulia safu ya pili visanduku viwili, ikashuka mpaka chini. 3 ya chini ikaingia kona ya kushoto, ikapanda, ikamkuta mwenzake. 4 ikaenda kulia kimoja ikashuka. Zote zimeungana! Nataka kushangilia jamaa ananionyesha kisanduku cha katikati kabisa, kitupu. Haya, nikafuta 2 nikaishusha mapema ili ipite pale katikati, pakajaa, lakini pakafunguka pengine, safu ya pili cha nne kutoka kushoto. Nikasema basi 1 ikizibe hicho, nikaikunja mapema ikaingia pale ikatokea kulia, hapo ndo ile kona ya juu kulia ikabaki peke yake. Yaani shimo linahama, ukiliziba huku linatokea kule, na abiria ananipigia honi ya mdomo twende nimechelewa, simsikii. Kijiwe kizima kililiwa, kuna mzee alitoa hela ya mafuta. Mpaka jioni jamaa kaondoka na hela zetu anacheka, na mimi mke wangu sijamwambia mpaka leo, kwa hiyo msinitafute PM.

Mtoto wa Ubungo
Daaah 🤣🤣 mada imeshakuwa yako sasa

Bi Shangazi wa Raskazone
Mwanangu ungeanza na kona.

Kijiwe cha Bodaboda
Shangazi nimeanza na kona!!

Ticha wa Drafti
Kijiwe, mlipigwa. Hiyo haijibiki, na huhitaji kuchora hata njia moja kulijua hilo.

Chukua hicho kiboksi ukipake rangi kama ubao wa drafti, kisanduku cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, ukianza na kona nyeusi. Tano kwa tano ni 25, kwa hiyo utapata vyeusi 13 na vyeupe 12. Sasa njia ikitembea, kila hatua inabadilisha rangi, haina namna nyingine. Maana yake njia inayoanzia kwenye cheusi na kuishia kwenye cheupe inakula idadi sawa ya vyote viwili. Ikianzia cheusi na kuishia cheusi, inakula cheusi kimoja zaidi. Ikianzia cheupe ikaishia cheupe, cheupe kimoja zaidi.

Haya angalia zako. 1 ya kushoto iko kwenye cheupe, ya chini iko kona nyeusi, ngoma sawa. 2 moja cheusi moja cheupe, sawa. 4 zote mbili ziko kwenye vyeusi, tumezidi cheusi kimoja. 3 zote mbili ziko kwenye vyeupe, tumezidi cheupe kimoja, imefuta ile ya 4. Kwa hiyo utembee utakavyo, njia zako zote kwa pamoja zitakula vyeusi na vyeupe sawa sawa, na ubao una cheusi kimoja cha ziada. Lazima kibaki cheusi. Angalia na mashimo yako yalivyohama, katikati ni cheusi, ile ya safu ya pili ni cheusi, kona ya juu kulia ni cheusi. Usingepata shimo jeupe peke yake hata ungekesha pale.

Kimbaombao
Nimechora hapa kwenye karatasi nahakiki. Aisee.

Kijiwe cha Bodaboda
Ngoja. Kwa hiyo alijua?

Ticha wa Drafti
Hapo siwezi kusema. Ila sogeza ile 3 ya juu kisanduku kimoja kulia, ikae katikati kabisa, uone. 3 zinakuwa moja nyeusi moja nyeupe, hesabu inakubali, na jibu linapatikana moja tu. Zile njia zako za kwanza kabisa zilikuwa sahihi zote, 3 ilibakiza hatua moja tu kufika katikati. Inawezekana aliinakili kutoka sehemu akakosea kisanduku kimoja.

Mtoto wa Ubungo
Akosee kisanduku kimoja halafu kwa bahati tu akusanye hela za kijiwe kizima? Huyo ni tapeli kamili.

Muuza Vocha Mwingine
Msituchafue sisi wa vocha. Nyie mlitoa hela kwa hiari, hakuna aliyeshikiwa panga. Mbona kwenye kubeti mnaliwa hamlalamiki?

Kijiwe cha Bodaboda
Kubeti timu inaweza kushinda ndugu yangu! Hii haikuwa na ushindi ndani yake. Kesho namfuata na ubao wa drafti mkononi.

Nganyaa254
Ticha sasa niambie na ile yangu ya laini kujigusa, si ni sheria?

Ticha wa Drafti
Nusu yake ni kweli. Wajapani wa Nikoli ndo waliozisambaza hizi kwa jina la Numberlink, na wao wanataka fumbo liwe na jibu moja. Sasa njia ikijaza mraba wa vinne kwa kujikunja, unaweza kuikata ikapita mkato, ikaacha viwili vitupu, na bado namba zote zimeungana. Kwa asiyelazimisha kujaza visanduku vyote hayo ni majibu mawili, ndo maana watungaji wanaikwepa. Lakini Flow inalazimisha kujaza, kwa hiyo ule mkato haukubaliki, na mkunjo unaweza kuwa halali. Itumie kama dalili ya kukufanya utazame upya, usifute kwa sababu yake peke yake.

Nganyaa254
Mimi bado nafuta.

Mzee Kijiko
Wajapani wapi, hii ilikuwepo tangu zamani, nimeiona kwenye kitabu cha mkoloni.

Ticha wa Drafti
Mzee hapo hujakosea. Mmarekani Sam Loyd alitoa ya kufanana nayo kwenye gazeti la Brooklyn 1897, na Mwingereza Dudeney akaweka ya kwake ya wenye magari kwenye kitabu cha 1917. Hii ya rangi kwenye simu ni ya 2012.

Fundi Redio Mwanjelwa
Ticha hiyo ya drafti ikikubali ndo fumbo linajibika moja kwa moja?

Ticha wa Drafti
Hapana fundi, ikikataa ndo una uhakika, ikikubali bado linaweza kugoma. Ile A, B, A, B yako ukutani inaweza kupita hesabu ya rangi vizuri tu na isiunganike milele. Kwa mabao makubwa hakuna njia ya mkato inayojulikana ya kujua bila kujaribu jaribu, hata kompyuta inapata taabu vidoti vikiwa vingi.

Bi Shangazi wa Raskazone
Na bao likiwa sita kwa sita?

Ticha wa Drafti
Hapo vyeusi 18 vyeupe 18 Shangazi, kwa hiyo jozi za nyeusi-nyeusi lazima zilingane kwa idadi na za nyeupe-nyeupe, au zisiwepo kabisa.

Kijiwe cha Bodaboda
Shangazi unataka kufungua kijiwe nini? Maana mimi hiyo sita kwa sita ndo naichora sasa hivi, kiingilio jero.

Mtoto wa Ubungo
🤣🤣🤣 Na mke wako umeshamwambia?