Tupeane uzoefu: aleji ya pua na kichwa kubana kwenye paji, ulijuaje ni pua na siyo kipanda uso?

Binti Meru: Habari zenu wapendwa. Mimi nipo Arusha, msimu huu nikiamka tu ni chafya mfululizo, macho yanawasha, kaakaa linawasha, makamasi mepesi kama maji, halafu pua ikishaziba kichwa kinabana kwenye paji na pembeni ya pua, nikiinama kufua ndo kinazidi. Panado inatuliza kidogo kinarudi. Shoga yangu anasema ni kipanda uso. Nyie mlitofautishaje na mlianza kutibu nini?

Kaka wa Njiro: Hiyo ni miti ya jakaranda, ikichanua tu mji mzima chafya. Meza piritoni usiku, utalala fofofo. Mi ndo dawa yangu, ila kesho yake kichwa kinakuwa kizito hadi mchana sijui kwa nini.

Dada Famasia: Kaka huo uzito ni piritoni yenyewe, usingizi wake unavuka hadi kesho, setirizini au loratadini ni afadhali. Na jakaranda unaionea, chavua yake inabebwa na nyuki, inayoruka na upepo ni ya nyasi, ongeza na vumbi la godoro.
Binti Meru, muwasho wa macho na kaakaa unaelekeza kwenye aleji, kipanda uso hakiwashi. Vidonge vinapunguza chafya na muwasho ila pua iliyovimba ndani havizibui sana, hapo inatakiwa dawa ya kupuliza puani, flutikasoni au beklometasoni. Wengi wanaiacha siku ya pili eti haifanyi kazi, wakati inatumika kila siku na inaweza kuchukua wiki mbili kukolea. Penga kwanza, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ncha ielekee nje upande wa sikio isigonge ukuta wa katikati, kisha vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu kama ugoro dawa yote inaishia kooni.

Mama Junior: Mwanangu anatokwa damu puani usiku, nimpulizie hiyo?

Dada Famasia: Hapana mama, hiyo ni habari nyingine, mpeleke akaangaliwe pua kwanza.

Babu Yao: Mimi naongelea yale matone ya kuzibua. Ukiweka, dakika chache tu unapumua, basi nikawa naweka kila usiku mpaka ikawa bila matone silali, pua inaziba kuliko ilivyokuwa mwanzo na kichwa juu. Daktari wa pua akaniambia yale ni ya siku tatu hadi tano tu, ukizidisha pua inavimba kwa sababu ya matone yenyewe. Akanihamishia kwenye ya kupuliza, siku za mwanzo nilipumulia mdomo lakini ikafunguka.

Mwalimu Rehema: Kwangu ni kinyume. Miaka yote naambiwa sainasi, nimemeza antibayotiki hadi basi. Kubanwa chini ya macho kweli, jicho linatoa machozi, pua inatiririka, ndo maana kila mtu alitazama pua. Daktari mmoja akauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: unatafuta chumba chenye giza? unachefukwa? ukipanda ngazi kinapwita zaidi? kinakaa masaa mangapi? Yote ndiyo, na kinakaa siku nzima hadi kesho yake. Chafya hakuna, muwasho hakuna. Akasema ni kipanda uso, kwamba neva ya usoni ikichokozwa na pua nayo inamwaga. Kuna utafiti wa Marekani wa 2004, watu karibu 3000 walioamini wana kichwa cha sainasi, asilimia 88 dalili zao zilikuwa za kipanda uso. Sasa kikianza tu nameza ibuprofeni na chakula, kikiwa kikali sumatriptani. Ukisubiri kichachamae dawa haishiki vizuri.

Binti Meru: Mwalimu umenichanganya sasa, maana kuna siku na mimi nachefukwa na mwanga sitaki.

Dada Famasia: Vinaweza kukaa vyote kwa mtu mmoja. Puliza pua vizuri mwezi mzima huku unaandika kila siku pua ikoje na kichwa kikoje. Vikipungua pamoja, ilikuwa pua. Pua ikiwa wazi kabisa na kichwa bado kinapwita na kuchefua, nenda na hilo daftari utibiwe kipanda uso. Na panado usiifanye chakula, ikifika siku 15 za mwezi na kuendelea yenyewe inaleta kichwa. Kichwa cha ghafla kikali kupita vyote, au homa na shingo kukaza, hicho usisubiri daftari, kimbia hospitali.

Kaka wa Njiro: Setirizini nitajaribu. Ila jakaranda bado siiamini, mbona ikipukutisha maua na mimi napona?

Babu Yao: Mimi wa Dodoma, jakaranda hatuna nyingi na chafya ziko palepale. Mwenye aleji na anaishi karibu na mashamba ya mahindi aje aseme kwake inaanza miezi gani.