Anayesema "yaani" kila mara akatwe alama?

Chaki_Nyeupe
Wandugu, ninasahihisha mtihani wa kuzungumza. Msahihishaji mwenzangu anakata alama kila mwanafunzi anaposema "yaani", "unajua", "kimsingi" au "sasa". Anasema ni kujaza mdomo tu. Mimi roho inasita. Tukate au tusikate?

Kisu_Butu
Kateni bila huruma. Mtu aliyejiandaa anajua anachotaka kusema, hahitaji "yaani" ya kumshika mkono. Na hao wa "kimsingi" na "kusema kweli" ndio wabaya zaidi, ukiwasikia ujue uongo unakuja. Tatizo ni vijana wa sasa, hasa mabinti, sentensi moja "yaani" tano.

Nukta_Mkato
Mwalimu, kazi yangu ni kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, kwa hiyo maneno haya nalala nayo. Usiyahukumu kwa pamoja. Chukua "yaani" peke yake, kisha ifute uone kinachobaki.

"Aliondoka Jumanne, yaani Jumatano." Futa: "Aliondoka Jumanne, Jumatano." Msomaji wangu sasa anadhani kuna siku mbili, wakati msemaji alijisahihisha. Nyingine: "Simu haipokelewi, mlango umefungwa, yaani katoroka." Hapo hajisahihishi, anakata shauri. Ifute, na kutoroka kunageuka habari ya tatu mfululizo badala ya hitimisho la mbili za kwanza. Halafu kuna "yaani unataka kuniambia hukujua?" ambayo ni kumbana mtu. Neno moja, kazi tatu, na mwenzako anazikata zote bei moja.

Sauti_ya_Tatu
Samahani, turudi nyuma kidogo. "Hasa mabinti"? Kisu_Butu, umehesabu wapi? Nimekaa kwenye vikao ambavyo mzee mmoja anafungua kila hoja na "sasa, ndugu zangu, sasa, tukiangalia", dakika kumi hajafika popote, na watu wanasema ana busara. Binti akisema "yaani" mara mbili, hana akili.

Kisu_Butu
Dada, usikasirike, ni utafiti huo. Niliusoma mahali. Wanawake wanatumia zaidi, imethibitishwa.

Sauti_ya_Tatu
"Mahali." Haya.

Nukta_Mkato
Nadhani anausema ule wa 2014, waliochambua rekodi za maongezi ya kila siku ya wazungumzaji wa Kiingereza. Ni kweli, maneno ya aina ya "yaani" na "unajua" yalionekana zaidi kwa wanawake na kwa vijana. Lakini Kisu umeishia nusu ya habari. Milio ya "eee" na "mmm" haikutofautiana kwa umri wala jinsia. Na waliokuwa na maneno hayo mengi walikuwa pia watu makini zaidi, wale wanaofikiria kama msikilizaji anawafuata. Sasa kama ni uzembe, uzembe huo unawapata watu wa ajabu.

Kisu_Butu
Kiingereza hicho. Sisi tunazungumzia Kiswahili.

Sauti_ya_Tatu
Ulipodhani unakuunga mkono hukuuliza ni lugha gani.

Mzizi_wa_Neno
Jamani mnapigania kisichokuwa chetu. "Yaani" ni Kiarabu. "Basi" ni Kiajemi. Hayo maneno yalitufikia kwa biashara, na Waturuki na Wahindi nao wanayo. Turudi kwenye Kiswahili safi tu, ugomvi utakwisha.

Bila_Jina_7
"Alama" ni Kiarabu, "mtihani" ni Kiarabu, na "lakini" unayotaka kunijibu nayo pia. Karibu.

Mzizi_wa_Neno
Hayo yameshazoeleka, ni tofauti.

Bila_Jina_7
Na "yaani" haijazoeleka? Si ndiyo imefanya mwalimu aje kulalamika hapa!

Pole_Pole
Mimi nina swali la mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Nina kigugumizi. Kuna herufi zinanikaba, hasa B mwanzoni mwa neno. Tangu shule nilijifunza kuingia na "yaani", kwa sababu ulimi ukishaanza kwenda, "baba" inatoka. Katika mtihani kama huo nilikatwa alama, na aliyenikata alidhani sikusoma. Mkimwondolea mtu kama mimi "yaani" hamumpi ufasaha, mnampa ukimya. Sijui kama hili ndilo mnalojadili.

Chaki_Nyeupe
Pole sana ndugu. Fomu yetu haina mahali pa kuandika jambo kama hilo. Nitalipeleka.

Kisu_Butu
Mwenye kigugumizi ana ruhusa yake, hakuna aliyemtaja. Nazungumzia wazima. Na bado hamjanijibu kuhusu "kusema kweli". Mtu mkweli ana haja gani ya kutangaza ukweli?

Nukta_Mkato
Hilo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa hiyo nivumilieni. Haya ni maongezi ya aina ninayoyaandika kila wiki:

— Kesho utakuja kunisaidia kuhamisha vitu?
— (kimya kifupi) Unajua, kesho... kusema kweli nina wageni.

Aliyeuliza alijua jibu lini? Si kwenye "wageni". Alijua kwenye ule ukimya, na "unajua" ikamhakikishia. Mara nyingi hapo hapo anajiwahi mwenyewe: "Au kama huna nafasi, si neno." Mkataaji hajasema hapana na muulizaji hajakataliwa, na wote wawili wameelewana.

Kuna utafiti wa 2009 uliopima lugha kumi zisizofanana, Kijapani na Kidenmarki zikiwemo. Pengo kati ya swali na jibu mara nyingi lilikuwa kama sehemu ya tano tu ya sekunde, na katika zote kumi jibu la kukubali liliwahi kuliko la kukataa. Ukikumbuka kwamba kutaja tu jina la kitu unachokiona kwenye picha huchukua zaidi ya nusu sekunde, utaona tunaandaa majibu mwenzetu akiwa bado anasema. Kwa hiyo kuchelewa kidogo tu kunasikika. "Kusema kweli" inakaa kwenye lile pengo na kumwambia mwenzio: linalokuja si ulilolitarajia. Huo si uongo, ni kumpisha ajiandae. Anayedanganya naye anaweza kuitumia, kama anavyoweza kutumia neno lolote.

Kisu_Butu
Kiswahili kimo kwenye hizo kumi?

Nukta_Mkato
Hakimo.

Kisu_Butu
Asante.

Bila_Jina_7
Kisu, mtu akikuomba pesa ukajibu "hapana" papo hapo bila "unajua" wala "kusema kweli", atakwambia una roho mbaya. Hilo halihitaji utafiti.

Kisu_Butu
Nikiombwa pesa nasema hapana, na marafiki zangu wamezoea.

Sauti_ya_Tatu
Marafiki wote wawili.

Chaki_Nyeupe
😂 Tusichafuane jamani. Nukta, nimekuelewa kwa maongezi ya watu wawili. Ila mtihani wetu una sehemu mbili. Kwanza mwanafunzi anatoa hotuba aliyoiandaa, peke yake. Kisha anaulizwa maswali, papo kwa papo. Mwenzangu anakata kote kote.

Nukta_Mkato
Ungeanza na hilo! Katika hotuba iliyoandaliwa hakuna anayesubiri kumpokonya zamu, wala hakuna aliyemwomba kitu. Kazi mbili kubwa za maneno haya, kushika zamu na kulainisha kukataa, hazipo. Kwa hiyo akijaa "unajua" kila mstari, mwenzako ana haki ya kuuliza kama amejiandaa. Kwenye maswali ni kinyume. Mtoto anayejibu swali gumu papo hapo bila hata "sasa" moja, mimi ningeshuku amekariri.

Na hata kwenye hotuba angalia linapokaa. Likikaa kwenye kiungo, kati ya hoja na hoja, linamfaa msikilizaji: "Sasa, tukija kwenye gharama" imemwambia kwamba ukurasa umegeuka. Likikaa katikati ya vitu vilivyoshikana, kama "kitabu cha yaani cha historia", hapo msemaji anatafuta neno. Moja hivyo si kitu. Yakifuatana, hiyo ndiyo dalili.

Kisu_Butu
Kwa hiyo mwishowe unakubaliana na mimi kwamba akatwe.

Nukta_Mkato
Nakubaliana na wewe kwenye robo ya mtihani.

Mzizi_wa_Neno
Na "eee"? Maana "eee" si neno hata kidogo. Hiyo angalau tukubaliane ni takataka.

Nukta_Mkato
Hata hiyo. Walijaribu kuwaonyesha watu vitu kwenye kompyuta huku wakifuatilia macho yao. Aliyetoa maagizo akitia mlio wa "eee" kabla ya jina, macho ya wasikilizaji yalielekea kwenye kitu kilichokuwa bado hakijatajwa, kabla jina halijatoka. Msikilizaji anajua kwamba mtu hakwami kwenye jina alilolitaja sasa hivi, anakwama kwenye jipya. Ila simshauri mwanafunzi azipange kwenye hotuba, zisije zikageuka mapambo.

Bila_Jina_7
Swali la pembeni, kwa kuwa mtaalamu yupo. "Basi" ya mwisho ni ya kundi hili? "Njoo basi." Nyumbani nikimwambia mtu "njoo basi" ninambembeleza. Mke wangu anasema namsukuma.

Sauti_ya_Tatu
Mkeo yuko sahihi. "Njoo basi" maana yake nimeshakuita, kwa nini nakuita tena.

Bila_Jina_7
Hapana bwana! "Njoo" peke yake ndiyo amri. "Basi" imekuja kuilainisha.

Nukta_Mkato
Ni ya kundi hili, na ni ngumu kuliko "yaani". Mwanzoni, "basi siku moja...", inafungua kisa. Katikati, "kama hutaki, basi acha", inatoa tokeo. Mwishoni inategemea sauti. Nikiwa na rekodi nasikia kama imeshuka au imevutwa. Kwenye maandishi sina namna ya kujua, na wateja wangu wameshagombana juu ya "sema basi" moja kwenye kikao: mmoja alisema aliombwa aongee, mwingine alisema alitishwa.

Kisu_Butu
Nani alishinda?

Nukta_Mkato
Waliomba rekodi waisikilize wenyewe. Wakatoka kila mmoja na lake.

Pole_Pole
Ikivutwa ni kubembeleza. Ikikatwa ni hasira.

Sauti_ya_Tatu
Mama yangu aliivuta akiwa na hasira, tena ndiyo tulikuwa tunakimbia zaidi.

Mzizi_wa_Neno
Ndiyo maana nasema turudi kwenye Kiswahili safi.

Chaki_Nyeupe
Nimempelekea mwenzangu kile kipande cha hotuba na maswali. Amejibu: "Unajua, mwalimu, hili tulizungumze wiki ijayo." Kwa hiyo nadhani nimeshajua.