Shilingi MOJA! Mfilisi wa ile hoteli anatuona machizi?

Jumla Kilombero: Wakuu wa Arusha, hoteli mnaijua, mfilisi mnamjua, yule wa kalamu nyekundu. Tunadai 12,300,000 za kuku na mboga. Fomu ya kuthibitisha deni imejazwa, stetimenti imo, ankara zimo, mhuri umegongwa mpaka wino umetokea upande wa pili. Leo kabla ya mkutano wa wadai anabandika orodha ukutani, mbele ya jina letu kaandika SHILINGI MOJA. Moja! Hata pipi hainunui. Bora angeandika sifuri, ningejua ni chuki tu. Stetimenti hii hapa, mseme wenyewe:

Salio la nyuma: 2,300,000
Ankara 041, Machi: 3,100,000
Ankara 052, Aprili: 2,750,000
Ankara 060, Mei: 4,200,000
Ankara 067, tarehe 14 Juni: 1,950,000
Malipo ya simu: (2,000,000)

Shilingi moja jamani!

Ndizi Bukoba: Tuma namba nikurushie mbili, uondoke na faida 😂

Mzee wa Sakina: Proforma! Nabeti hiyo 060 ni proforma. Kama ni proforma, 4.2 imekufa, sahau.

Jumla Kilombero: Ni proforma, so what, kuku si waliliwa? Shilingi moja kwa kuku wote wale!

Daftari Jekundu: Tulia kwanza. Hiyo shilingi ni ya kupigia kura mkutanoni, si mgao wako. Wapo wafilisi wanaoandika hivyo pale deni lipo lakini kiasi hakijulikani. Hajakukataa. Angekukataa angekuandikia barua yenye sababu, na hapo una haki ya kwenda mahakamani.

Tatizo ni karatasi zako. Stetimenti umeiandika mwenyewe, kwa hiyo peke yake ni madai tu. Kila mstari unataka karatasi nyuma yake. Salio la nyuma la 2.3 linatokana na ankara zipi? Kama hukuziambatanisha, kwake huo ni mstari mtupu.

Mzee wa Sakina yuko sahihi nusu. Proforma ni bei uliyotaja, haithibitishi kwamba mzigo ulifika. Lakini deni halifi kwa sababu ya karatasi mbaya. Tafuta LPO ya hoteli na delivari noti iliyosainiwa na mtunza stoo wao, uambatanishe na ankara halisi. Mwenye kuthibitisha kwamba kuku walifika ni sahihi ya stoo, si mhuri wako.

Halafu, amri ya kufilisi ilitoka lini?

Jumla Kilombero: Tarehe 9 Juni. Ila usibadili mada, SHILINGI MOJA.

Mzee wa Sakina: Basi 067 ni ya baada ya amri. Hiyo nayo imekufa.

Ndizi Bukoba: Mzee leo unaua kila kitu.

Daftari Jekundu: Haijafa, iko foleni nyingine. Fomu inabeba deni lilivyokuwa siku ya amri. Mzigo wa tarehe 14 nani aliuagiza?

Jumla Kilombero: Msaidizi wa kalamu nyekundu mwenyewe, wageni walikuwa bado vyumbani. Sahihi yake ipo.

Daftari Jekundu: Basi umebahatika. Hiyo ni gharama ya ufilisi, inalipwa kabla yetu sisi tusio na dhamana. Itoe kwenye fomu, umpelekee ankara yake peke yake. Inabaki 12,350,000, toa malipo 2,000,000, unathibitisha 10,350,000.

Mama Wawili Tengeru: Na hiyo milioni mbili ililipia ankara ipi? Meseji ya muamala haisemi. Kama ni ya salio la zamani, linabaki laki tatu tu. Asipolikubali hilo salio, ataikata kwenye 041.

Daftari Jekundu: Kwa kawaida huanza na deni kongwe, ila ajiandae kubishana. Hata hivyo 041 na 052 zina sahihi zote? Basi hata akikata milioni mbili, 3,850,000 ilikuwa wazi. Angeandika hiyo.

Jumla Kilombero: ASANTE! Si nilisema? Moja!!

Mpishi Msitaafu: Nyie wa mboga mtagombania makombo. Sisi wafanyakazi mishahara inatangulia.

Daftari Jekundu: Ina kikomo, mkuu. Inayozidi kikomo unakuja kupanga foleni na sisi.

Mpishi Msitaafu: Kikomo tena? Miezi kumi na moja sijalipwa!

Barafu Moshi: Samahani wakuu, friza langu la aiskrimu liko mapokezi ya hiyo hoteli. Nijaze 1,800,000 kwenye fomu?

Daftari Jekundu: Usijaze! Friza si deni, ni mali yako. Ukiliweka kama deni ni kama umekubali limekuwa lao. Mwandikie leo, weka namba ya mashine na mkataba wa kuliazimisha, kabla ya mnada.

Barafu Moshi: Mkataba ulikuwa wa mdomo.

Ndizi Bukoba: 😂😂

Mama Wawili Tengeru: Stika yako bado ipo kwenye mlango wa friza?

Barafu Moshi: Watoto waliibandua. Ila risiti ya kulinunua ninayo, na picha.

Mama Wawili Tengeru: Namba kwenye risiti inafanana na ya nyuma ya friza? Nenda kaangalie kwanza.

Jumla Kilombero: Jamani, uzi ni wa shilingi moja.

Mpishi Msitaafu: Hilo friza nalijua, kompresa ilikufa Januari.