Naomba ushauri: sauti ya gemu inameza sauti yangu kwenye OBS

Wakuu, salaam. Narekodi gemu la mpira kwa laptopu, OBS Studio, chanzo ni Game Capture, 720p fremu 30, faili MKV (umeme ukikatika, kilichokwisha kurekodiwa hakipotei kama kwenye MP4).

Picha haina shida. Tatizo ni sauti: goli likiingia, mashabiki wa gemu wananizima kabisa. Kwenye Audio Mixer nimeshusha gemu icheze karibu -25 dB, na maiki ninapoongea kawaida inafika -10. Nikipiga kelele inagusa 0 na sauti inapasuka, hivyo nimeongeza kichujio cha Limiter kwenye -6. Spika nimeziacha, natumia hedifoni, maana maiki ilikuwa inanasa gemu mara ya pili na kuleta mwangwi.

Naomba mnisaidie haya. Je, Compressor ikae kabla ya Limiter, na ratio 3:1 inatosha? Pili, nimetenganisha maiki Track 2 na gemu Track 3 ili nirekebishe wakati wa kuhariri. Lakini nikifungua video nasikia Track 1 tu. Mnatumia programu gani ya kuhariri inayosoma zote?

Kurusha mbashara nimekusogeza mbele. Kwa 3000 kbps, saa moja inakula takriban GB 1.4 za bando, na watazamaji wa mwanzo huenda wakawa wawili, mmoja ndugu yangu. Klipu za sekunde 40 naona zina faida zaidi kwa sasa, au nakosea?